Kuunganisha bendi au kuongeza antena: kipi kitaongeza kasi ya intaneti yako?

Anayekwenda dukani kutafuta ruta ya laini hukuta maboksi mawili yanayofanana. Moja limeandikwa Cat 4, 150 Mbps. La pili limeandikwa Cat 6, 300 Mbps, na bei yake imepanda. Cat ni daraja la uwezo wa kifaa. Pembeni kuna antena za nje za kufunga juu ya paa, na muuzaji anakuhakikishia kwamba zinavuta mtandao. Pesa ya mfukoni inatosha kuongeza kitu kimoja tu: ruta ya Cat 6, au ile ya Cat 4 pamoja na antena zake.

Nimefunga vifaa hivi vya kutosha kuona watu wakilipia kisichowasaidia, na karibu kila mara sababu ni moja. Vitu hivi viwili huongeza kasi kwa njia tofauti kabisa, na kila kimoja kina mahali kinapofaa na mahali kisipofua dafu. Ukishaelewa njia zenyewe, simu uliyo nayo mkononi itakuonyesha cha kununua kabla hujatoa shilingi.

Hizo 150 na 300 zinatoka wapi

Mnara wa 4G hurusha data kwenye kipande cha masafa kisichozidi megahezi 20 kwa upana. Kipande hicho hugawanywa kuwa vijimkondo 1,200 vyembamba, na kila kimoja hubeba alama 14 katika kila milisekunde moja. Mawimbi yakiwa mazuri, kila alama hubeba biti 6. Ndiyo mpangilio unaoitwa 64QAM.

```
1200 × 14 × 1000 = 16,800,000 alama kwa sekunde
16,800,000 × 6   = 100,800,000 biti kwa sekunde
```

Takriban robo ya hizo huliwa na kazi za mtandao wenyewe: ishara za kupimia mawimbi, maelekezo ya nani apokee wapi, na biti za ziada za kurekebisha makosa. Zinabaki megabiti kama 75 kwa sekunde. Sasa mnara ukirusha mikondo miwili ya data kwa pamoja, kwenye masafa yaleyale na wakati uleule, unapata 150. Hiyo ndiyo Cat 4. Kwa hiyo ile ruta ya bei nafuu tayari inafanya kazi kwa antena mbili za ndani. Teknolojia ya antena nyingi, inayoandikwa MIMO kwenye maboksi, haikuja na ruta za bei kubwa.

Cat 6 ni hesabu ileile mara mbili: vipande viwili vya masafa, kila kimoja hadi megahezi 20, kila kimoja kikiwa na mikondo miwili. Ukipanda hadi Cat 16 utakuta karibu gigabiti moja kwa sekunde, na hapo mbinu zote zimeunganishwa pamoja: vipande vitatu vya masafa, baadhi vikiwa na mikondo minne, na biti 8 badala ya 6 katika kila alama.

Ona kinachoongezeka. Kuunganisha bendi huongeza upana wa masafa unayopewa. Antena nyingi huongeza mikondo ndani ya upana uleule. Kasi ni zao la hivyo viwili, na la tatu ni ubora wa mawimbi, ambao hauandikwi kwenye boksi lolote.

Kuunganisha bendi

Mbinu hii iliingia kwenye viwango vya 4G kwa sababu ya tatizo la umiliki. Kampuni za simu hazikupewa masafa yao kwa kipande kimoja kipana. Moja ina upana wa megahezi 10 kwenye bendi ya megahezi 800, nyingine 20 kwenye ya 1800, labda na kidogo kwenye 2100 au 2600. Vipande hivyo viko mbalimbali, na simu ya kawaida ya 4G hutumia kimoja tu kwa wakati mmoja. Toleo la 10 la viwango vya 3GPP, muungano unaoweka viwango vya mitandao ya simu, liliruhusu simu kupokea vipande hadi vitano kwa mpigo. Mtandao wa kwanza mkubwa kuiuza huduma hii ulikuwa SK Telecom wa Korea Kusini, Juni 2013: waliunganisha megahezi 10 kwenye 800 na megahezi 10 kwenye 1800, wakapata megabiti 150 ambazo mwenye kipande kizima cha 20 angezipata bila kuunganisha chochote.

Mfano huo wa Korea unatuhusu moja kwa moja, maana 800 na 1800 ndizo bendi ambazo mitandao mingi ya Afrika Mashariki imejengea 4G yake. Kwenye skrini utaziona kama B20 na B3. Baadhi ya mitandao ina 700 pia, ambayo ni B28.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kifaa chako hujiunga kwanza na bendi moja, iwe ndiyo kuu. Mazungumzo yote ya udhibiti hupitia huko: kuingia mtandaoni, kuhama mnara, kupiga simu. Mnara ukiona una data nyingi ya kukupelekea, na kifaa chako kimejieleza kwamba kinaweza, unakupangia bendi ya nyongeza na kuiwasha. Data ikiisha, ile ya nyongeza huzimwa ili isile chaji. Ndiyo maana alama ya 4G+ huonekana na kupotea. Si dalili ya hitilafu.

Kuna mambo mawili ambayo wanunuzi huyagundua wakiwa wameshachelewa.

La kwanza ni kwamba nyongeza hii kwa kawaida ni ya kupakua tu. Ruta ya Cat 6 hupakua hadi 300 lakini hupakia hadi 50, sawasawa na Cat 4. Kama shida yako ni video za kazini zinazochukua usiku mzima kupanda, au wenzako kwenye mikutano ya mtandaoni kukuona umeganda, Cat 6 haijagusa tatizo lako. Inabidi ufike Cat 7 ndipo upakiaji nao uweze kuunganisha bendi, na hata hapo mnara wenyewe uwe umewashiwa huduma hiyo.

La pili ni kwamba bendi hazifiki mbali sawa. Mawimbi ya 800 hupenya kuta na kwenda mbali kuliko ya 1800, na 2600 huchoka mapema zaidi. Kwa aliye mbali na mnara, bendi pana yenye kasi ndiyo hiyohiyo isiyomfikia vizuri. Boksi linasema bendi mbili, lakini kwenye meza ya sebuleni kwake iko moja na nusu.

Antena nyingi

Hapa ndipo penye uhondo, kwa sababu kwa mtazamo wa kwanza jambo lenyewe halionekani kuwezekana. Mnara unarusha mikondo miwili tofauti kwenye masafa yaleyale kwa sekunde ileile. Inafika imechanganyika. Inatenganishwaje?

Simama kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe wakati misikiti miwili inaadhini kwa pamoja. Sauti zote mbili zinaingia masikio yote mawili, lakini sikio la kulia linapata zaidi ya msikiti wa kulia na la kushoto zaidi ya wa kushoto, na kwa tofauti hiyo unaweza kufuata adhana moja bila kuipoteza kwenye nyingine. Antena mbili hufanya hivyo kwa hesabu. Kila antena hupokea mchanganyiko wake, na kwa vile mnara hutuma pia ishara zinazojulikana, chipu hujua kila mchanganyiko umetengenezwa kwa uwiano gani. Tuiite mikondo hiyo a na b:

```
y1 = 1.0a + 0.5b
y2 = 0.4a - 0.9b
```

Milinganyo miwili, visivyojulikana viwili. Ni hesabu ya sekondari. Mnara ukituma a = 1 na b = −1, antena ya kwanza inapaswa kupokea 0.5 na ya pili 1.3. Tuseme kelele za redio zimeongeza 0.1 kwenye antena ya kwanza, ikasoma 0.6. Ukikokotoa utapata a = 1.08 na b = −0.96. Kosa ni dogo, na chipu inatambua bila shaka kilichotumwa.

Sasa weka kifaa mahali ambapo antena zote mbili zinapokea mchanganyiko unaokaribia kufanana:

```
y1 = 1.0a + 0.9b
y2 = 0.9a + 0.8b
```

Mnara unatuma vilevile 1 na −1, kwa hiyo antena zote mbili zinapaswa kusoma 0.1. Kelele ileile ya 0.1 ikiifanya ya kwanza isome 0.2, majibu yanakuwa a = −7 na b = 8. Huo ni upuuzi mtupu, na umeletwa na kelele iliyokuwa ndogo vilevile kama mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba mlinganyo wa pili hauna habari mpya, ni kama wa kwanza umerudiwa.

Hapo umeona masharti yote mawili ya antena nyingi. Njia za mawimbi ziwe tofauti vya kutosha, na kelele iwe ndogo. Utofauti wa njia huletwa na mawimbi kugonga majengo na kurudi, na huletwa pia na mnara kurusha mkondo mmoja ukiwa umeinama nyuzi 45 upande huu na mwingine nyuzi 45 upande wa pili. Mwinamo huo ndio unaookoa walio uwandani, mnara ukionekana kwa macho na hakuna jengo la kuakisi: bado wanaweza kupata mikondo miwili. Minne mahali kama hapo ni nadra.

Simu yenyewe haisubiri kuambiwa. Kila baada ya milisekunde chache hupima na kuripoti kwa mnara inaweza kumudu mikondo mingapi na ubora wake uko wapi. Ikiona hesabu inaelekea kwenye lile jibu la −7 na 8, huomba mkondo mmoja tu, na antena zake mbili hutumika kwa kazi nyingine: kusikiliza mkondo huohuo mara mbili na kujumlisha, ili usikike kwa nguvu maradufu.

Je, kuna faida gani ya kutumia mikondo miwili badala ya mmoja wenye nguvu maradufu? Kanuni ya Shannon inatoa kiwango cha juu kabisa, kwa biti kwa sekunde kwa kila hezi moja ya masafa, njia zikiwa zimetengana vizuri kabisa:

| Ubora wa mawimbi kwenye antena moja | Mkondo mmoja, antena mbili | Mikondo miwili, antena mbili |
|---|---|---|
| Desibeli 20 (karibu na mnara) | 7.7 | 13.3 |
| Desibeli 10 | 4.4 | 6.9 |
| Desibeli 0 (pembezoni) | 1.6 | 2.0 |

Karibu na mnara unapata asilimia 70 na ushei ya ziada. Pembezoni unapata robo tu, na hiyo ni kwenye hesabu safi. Njia zikianza kufanana kidogo, hata hiyo robo inapotea. Linganisha na bendi ya pili: kama inakufikia kwa ubora uleule na upana uleule, inakuongezea mara mbili popote ulipo, karibu au mbali. Tatizo la bendi ya pili ni kufika. Tatizo la mkondo wa pili ni usafi.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakina dawa ya programu, nacho ni ukubwa wa kifaa. Ili antena mbili zione tofauti, zinapendelea kuachana kwa nusu ya urefu wa wimbi. Kwenye 2600 nusu hiyo ni sentimita 6 hivi, na kwenye 1800 ni 8. Kwenye 800 inakaribia sentimita 19, ndefu kuliko simu yenyewe. Ndiyo maana simu zinazotangazwa kuwa na mikondo minne huipata kwenye bendi za juu, na kwenye 800 hubaki na miwili kwa shida. Aliye kijijini anayetegemea 800 asilipie mikondo minne.

Nyumba ya pembezoni

Tuchukue nyumba ya tofali na bati, kilomita kadhaa kutoka mnarani, mnara wenyewe ukiwa na megahezi 10 kwenye B20 na megahezi 20 kwenye B3. Kwenye ukurasa wa ruta (kwa nyingi za Huawei unafungua `192.168.8.1`) tunasoma sebuleni:

B20: RSRP −117, SINR 6.
B3: RSRP −122, SINR 2.

RSRP ni nguvu ya mawimbi, na SINR ni jinsi yalivyo juu ya kelele na mwingiliano wa minara mingine, kwa desibeli. Ya pili ndiyo ya kuitazama, maana ndiyo iliyo kwenye lile jedwali. Nitahesabu theluthi mbili tu ya kikomo cha Shannon, makadirio ya kawaida kwa vifaa halisi, na nitadhani mnara hauna watu wengine.

Ruta ya Cat 4 ikikaa kwenye B20 kwa mkondo mmoja itatoa kama megabiti 15. Ukibadilisha ukaweka Cat 6 palepale mezani, B20 inabaki na 15 zake na B3 inaongeza kama 18, jumla 33. Si haba.

Sasa rudisha ile Cat 4, lakini funga antena mbili juu ya paa zikielekea mnarani. Umeondoa ukuta na bati njiani na umeongeza uelekeo. Baada ya kutoa kinachopotea kwenye nyaya, tuseme umepata desibeli 10 kwenye B3: SINR inatoka 2 hadi 12. Sasa B3 peke yake, megahezi zake 20, inatoa kama 50 kwa mkondo mmoja, na kwa kuwa ubora umefika mahali ambapo mikondo miwili ina maana, unaweza kusogea kuelekea 80.

Ruta ya bei nafuu yenye antena za nje imeishinda ruta ya bei kubwa isiyo nazo, tena kwa mbali. Na upakiaji umepona pia, kwa kuwa antena hufanya kazi pande zote mbili. Ukija kupata pesa baadaye ukaweka Cat 6 kwenye antena hizohizo, B20 nayo itakuwa imepanda, na jumla itafika kati ya 80 na 120. Kwa nyumba ya pembezoni, basi, antena ndiyo ya kwanza na bendi ya pili ni ya baadaye. Mpangilio huo naushikilia bila kusita.

Lakini zifungwe sawasawa. Kosa ninalolikuta mara nyingi juu ya mapaa ya watu ni antena moja iliyochomekwa kwenye tundu moja la ruta. Vijiti vya mtandao vinajaa, mwenye nyumba anafurahi, kasi inashuka. Antena ya nje inasikia vizuri mno, ile ya ndani ya ruta haisikii kitu, na mlinganyo wa pili umebaki kelele tupu. Zinatakiwa mbili, moja imeinamishwa nyuzi 45 kulia na nyingine 45 kushoto, kama herufi X ukizitazama kwa mbele, kufuata mwinamo wa mnara.

La pili ni waya. Waya mwembamba wa RG58 hupoteza zaidi ya nusu desibeli kwa kila mita kwenye 1800. Mita 10 zimekula zaidi ya desibeli 5, na antena iliyouzwa kwa sifa ya desibeli 9 imebaki na chini ya 4. Ni afadhali ruta isogezwe karibu na dari na waya uwe mfupi, kisha nyumba ipate Wi-Fi kutoka hapo.

Na kama una nia ya kuunganisha bendi siku moja, usinunue ile antena ya mifupa ya samaki iliyokatwa kwa ajili ya 1800 pekee. Itakupa B3 nzuri na kuizima B20. Ziko antena zinazofanana nazo ambazo vijiti vyake hupungua urefu hatua kwa hatua, zikiandikwa 700–2700 MHz. Nguvu yake ni ndogo kidogo, lakini zinasikia bendi zote.

Nyumba ya mjini

Geuza hali. Ghorofa la tatu katikati ya mji, mnara uko mtaa wa pili, SINR inasoma 22 hata kitandani. Ila saa mbili usiku video inakatika. Mwenye nyumba anataka antena, na hapa namkataza.

Masafa ya mnara hugawiwa kwa wote waliomo. Tuseme watu 20 wanapakua kwa wakati mmoja kwenye B3, na kwa ubora wako ungeweza kupata 120 kama ungekuwa peke yako: fungu lako ni 6. Antena ya paani ingeipandisha SINR kutoka 22 hadi labda 27, ila ruta ya 64QAM yenye mikondo miwili imeshakaribia kikomo chake. Huna pa kupanda. Ruta yenye antena nne ingeweza kukufikisha kwenye mikondo mitatu na fungu la 9, iwapo tu mnara nao unarusha kwa antena nne kwenye bendi hiyo.

Ruta inayounganisha bendi inakupa fungu la pili. Kama kwenye B20 kuna watu 12 na uwezo wako pale ni 60, umeongeza 5 na kufika 11. Si lazima iwe jumla kamili, maana mitambo mingine ya kugawa huangalia kasi yako kwenye bendi zote kabla ya kukupa zamu. Bado ndiyo pesa iliyotumika vizuri zaidi mjini, kwa sababu moja ambayo haimo kwenye hesabu hiyo: msongamano wa bendi mbili haupandi na kushuka kwa pamoja. B3 ikijaa ghafla, mnara unaweza kukupitishia data B20 katika milisekunde chache bila video yako kujua.

Utajuaje wewe ni yupi

Pima kasi mara mbili, mahali pamoja, kwa kifaa kimoja: saa kumi alfajiri na saa mbili usiku. Ikiwa alfajiri inakimbia na usiku inatambaa, mawimbi yako ni mazima na tatizo ni watu. Tafuta bendi ya pili. Ikiwa nyakati zote mbili inatambaa, tatizo ni mawimbi. Tafuta antena, au angalau sogeza ruta dirishani kabla ya kununua chochote.

Kisha soma namba. Kwenye Samsung nyingi piga `*#0011#`, kwenye iPhone piga `*3001#12345#*`, na kwenye Android nyingine programu ya NetMonster itakuonyesha bendi, RSRP na SINR. SINR ikiwa chini ya 5, mkondo wa pili ni ndoto na bendi ya pili ni msaada mdogo kuliko antena hadi mawimbi yatengenezwe. Ikiwa juu ya 15 na kasi bado ni ndogo, antena haitaleta lolote. Soma wakati kitu kinapakuliwa, si simu ikiwa imelala, la sivyo bendi ya nyongeza utaikuta imezimwa na utadhani mnara wako hauna.

Kwa 5G ya kwenye 3500, inayoandikwa n78, uchaguzi huu karibu umeshafanywa kwa niaba yako. Kipande kimoja pale kinaweza kuwa na megahezi 100, sawa na vipande vitano vya 4G vilivyounganishwa, na viwango vinadai simu iwe na antena nne za kupokea kwenye bendi hiyo. Kinachobaki ni kama inakufikia ndani ya nyumba, na 3500 kwenye ukuta wa tofali huteseka kuliko zote tulizozitaja.

Jambo moja la mwisho kwa wanaoagiza vifaa nje. Kuunganisha bendi si uwezo wa jumla, ni orodha. Kifaa kinajua jozi fulani tu, na jozi unayoihitaji kwenye mtandao wa 800 na 1800 huandikwa `CA_3A-20A` kwenye maelezo ya kiufundi. Baadhi ya simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina B20 kabisa, kwa hiyo hata ziwe za Cat 18, hapa hazitaunganisha hizo mbili, na ukitoka nje ya mji zinaweza kukosa 4G mahali ambapo simu ya bei ya chini iliyoletwa kwa soko letu inaipata. Jina la modeli huwa lilelile. Kinachotofautiana ni herufi na namba za mwishoni, kama `B525s-23a` na `B525s-65a` kwenye ruta moja ya Huawei. Omba muuzaji akupigie picha ya lebo iliyo chini ya kifaa, si ya boksi, na uilinganishe na orodha ya bendi kabla hujatuma pesa.